Suruali Iking'aa Makalioni

Suruali nyeusi ya ofisini haianzi kuchakaa kwa kutoboka. Huanza kwa kung'aa. Mng'ao hutokea makalioni, halafu nyuma ya mapaja, na kama suruali hiyo ina koti lake, viwiko navyo hufuata. Sketi ya bluu ya mwanafunzi hung'aa nyuma, pale inapokutana na benchi, huku upande wa mbele ukiwa bado kama ulivyotoka kwa fundi. Mwenye nguo akiona hivyo humlaumu dobi au muuza kitambaa, na wengine huifua kwa nguvu zaidi wakidhani ni uchafu. Mara nyingine wanapatia, maana pasi, uchafu na aina ya kitambaa vyote huweza kuleta mng'ao. Lakini kila mng'ao una tiba yake, na upo mmoja usio na tiba kabisa. Kabla ya kushika siki au brashi, inabidi kujua ulio mbele yako ni upi.

Tuanze na mwanga, kwa sababu kinachoonekana ni mwanga tu. Nguo mpya ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia utaona haina uso uliosawazika. Nyuzi zimesokotwa na kupishana, kati yake kuna mabonde, na juu yake kuna vinyweleo vifupi vinavyochomoza kila upande. Mwanga ukiangukia hapo hutawanyika ovyo, na jicho linaona rangi peke yake. Uso ukisawazishwa, mwanga huruka kwa pamoja kuelekea upande mmoja. Mabadiliko haya tunayaona barabarani usiku: lami kavu haitusumbui, lakini mvua ikinyesha na maji yakajaza vishimo vyake, lami ileile humulika taa za gari machoni.

Ndiyo maana nguo nyeusi, za bluu iliyokolea na za kijivu cha mkaa ndizo zinazoumbua watu. Uso wa unyuzi wa nguo, uwe wa sufu, pamba au polista, hurudisha yapata asilimia 4 hadi 5 ya mwanga unaoupiga moja kwa moja, na zaidi ya hapo mwanga unapokuja kwa mshazari. Kwenye shati jeupe kiasi hicho hakionekani, maana kitambaa chenyewe kimesharudisha sehemu kubwa ya mwanga. Kwenye nguo nyeusi rangi imeumeza karibu mwanga wote, kwa hiyo hicho kidogo kinachoruka kwa pamoja ndicho kinachopiga macho. Viwiko vya shati jeupe navyo vinasuguka kila siku. Hatuvioni tu.

Sasa tuingie ndani ya kitambaa. Uzi mmoja wa suruali ya sufu ni fungu la nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Unyuzi mmoja una unene wa kama sehemu 20 za elfu za milimita, yaani ukipanga nyuzinyuzi 50 ubavu kwa ubavu ndipo unapata milimita moja. Kila unyuzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo yaliyopandana, na magamba hayo huufanya uso wake uwe na mikwaruzo. Mtu anapoketi, akasogea, akainuka na kuketi tena, mambo matatu hutokea kwa mfuatano. Kwanza vinyweleo vya juu hulazwa chini. Kisha uzi wenyewe, uliokuwa wa mviringo, hukandamizwa ukawa bapa, na yale mabonde kati ya uzi na uzi yakajifunga. Mwisho magamba hulika, vinyweleo hukatika na kupukutika, na uzi hubaki na upara. Mawili ya kwanza ni kulala; la tatu ni kupotea. Kilicholala kinaweza kuamshwa. Kilichopotea hakirudi, hata ukikitia mvuke kutwa nzima.

Vitambaa havilingani katika hili. Gabadini na vitambaa vingine vya mshazari, vile vyenye mistari midogo inayopanda kwa kuinama, hung'aa mapema kwa sababu vilele vya mistari hiyo ndivyo vinavyobeba uzito wote. Isitoshe, nyuzi za suti nyingi za sufu huchanwa kabla ya kusokotwa ili nyuzinyuzi zilale sambamba, na vile vifupi huondolewa. Ndicho kinachoipa suti ule unadhifu wake, na ndicho pia kinachoipunguzia vinyweleo vya akiba. Sufu nzito yenye manyoya, ile ya makoti ya nchi za baridi, huchukua miaka kung'aa kwa kuwa ina vingi vya kupoteza.

Polista ina tabia nyingine. Haina magamba, hutengenezwa kwa kusukuma rojo la moto kupitia vitundu vidogo sana, na hutoka ikiwa nyororo tangu kuzaliwa. Kiwandani huchanganywa na unga mweupe wa titani ili isimetemete. Kitambaa cha suruali kinachouzwa sana kwa mafundi wetu ni mchanganyiko wa polista na viskosi. Viskosi ndiyo inayoleta ulaini na kunywa jasho, lakini ndiyo dhaifu, tena ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Msuguano huikata kwanza, ikapukutika, polista nyororo ikabaki juu. Hapo ndipo unakuta suruali inayong'aa kama imepakwa mafuta ilhali haijachanika popote.

Kuna viungo vitatu vinavyouongezea msuguano makali: uzito, vumbi na jasho.

Uzito hauangukii makalio yote sawasawa. Mtu akiketi kwenye kiti kigumu, mzigo mkubwa hukusanyika chini ya mifupa miwili ya kukalia, na ndiyo maana mng'ao huanza kama mabaka mawili ya mviringo kabla ya kuungana. Kiwiko ni kibaya zaidi, maana mfupa wake ni mwembamba na ukingo wa meza ni mgumu. Wapimaji wa vitambaa wana mashine ya kuiga jambo hili, inayoitwa Martindale kwa jina la mtafiti Mwingereza aliyeieleza mwaka 1942. Kipande cha kitambaa husuguliwa juu ya sufu ngumu kwa mzunguko unaobadilisha mwelekeo, huku kikikandamizwa. Kwa nguo za kuvaa, kanieneo ya kawaida ni kilopaskali 9, ambayo ni sawa na kuweka uzito wa kama gramu 90 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Si uzito wa kutisha. Kinachoua kitambaa ni kurudiarudia, maelfu kwa maelfu ya mara.

Vumbi ni baya kuliko kiti chenyewe. Vumbi la barabara lina chembe za kwazi, madini yanayoweza kukwaruza kioo, seuze unyuzi wa sufu. Anayepanda bodaboda kwenda kazini huketi juu ya ngozi bandia yenye vumbi, na kila shimo la barabara humtelezesha sentimita moja mbele na moja nyuma. Kupangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kupanda kunaonekana kujidai, lakini kwa suruali ni faida kuliko dawa yoyote ya dukani.

Jasho ndilo lisilodhaniwa. Sufu hunywa unyevu mwingi, hadi kama theluthi ya uzito wake, na ikishakunywa hulegea ndani kwa ndani. Ikilegea hukubali umbo lolote inalokandamiziwa, na ikikauka hubaki hivyo. Fundi hutumia sifa hiyo anapoweka pasi yenye mvuke ili suruali ishike mkunjo. Mtu aliyeketi saa nne mfululizo kwenye kiti cha plastiki, bila hewa kupita, anafanya kazi hiyohiyo pole pole: ana joto, ana unyevu, ana uzito. Anajipiga pasi makalioni bila kukusudia. Na tunaposema sufu inaweza kurekebishwa, ni kwa sababu hiyohiyo: unyevu na joto vilivyoilaza ndivyo vitakavyoiamsha, mradi safari hii pasiwe na uzito.

Tuseme sasa la pasi, maana inastahili lawama zake. Mng'ao wa pasi huutambui kwa mahali pa kukalia. Huutambua kwa kuwa unafuata mishono. Penye mfuko kitambaa kiko tabaka mbili au tatu, kadhalika kwenye pindo, kwenye zipu na kwenye marinda ya sketi. Pasi ikipita juu, tabaka za chini huinua ile ya juu, nayo ikakandamizwa peke yake. Ukiona umbo la mfuko limejichora kwa nje kwa mstari unaong'aa, hilo si kosa la kiti.

Kwa polista mng'ao huo ni wa moja kwa moja. Polista huanza kulegea joto likipita nyuzijoto 70 au 80, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyokubali kubanwa. Kwenye lebo za nguo, picha ya pasi yenye kidoti kimoja ina maana ya joto la chini, vidoti viwili ni la wastani, na vitatu ni la juu. Kidoti cha tatu ni cha pamba na kitani. Sketi ya sare ya polista ikipigwa pasi ya vidoti vitatu moja kwa moja, bila kitambaa cha kukinga, nyuzinyuzi zake hubanwa zikawa bapa na kushikamana. Ikipoa, umbo hilo limeganda. Polista hainywi maji kama sufu, kwa hiyo mvuke hauna pa kuingilia ili uirudishe. Wazazi wengi hukutana na hili kwenye marinda: mstari unaometa katika kila rinda, na hakuna kinachoutoa. Pasi ya mkaa ndiyo hatari zaidi, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa haina kidhibiti cha joto.

Nilipata kumpelekea dobi mmoja mtu mzima suruali ya mjomba wangu, karani wa miaka mingi. Ilikuwa ya mtumba, ya bluu iliyokolea, lebo yake ikisema polista asilimia 55 na sufu 45. Makalioni ilikuwa inameta. Dobi hakuipeleka kwenye maji. Aliipeleka mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Itapona hiyo?"

"Marahaba. Ngoja kwanza tuiangalie, mwanangu."

Aliingiza mkono ndani ya suruali, akaitandaza sehemu ya makalio kuelekea jua, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye muundi wa mguu, ambako hakuna msuguano. Alikuwa analinganisha mwanga unaopenya. Kama makalioni mwanga ungepenya zaidi kuliko mguuni, maana yake kitambaa kimeshakonda, nyuzinyuzi zimepukutika, na kazi yake ingeishia hapo. Ulipenya karibu sawa.

"Imelala tu," akasema. "Ingekuwa imekwisha ningekwambia mpelekee mjomba mpya."

Kipimo hicho kinafanyika nyumbani kwa balbu au tochi ya simu, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Cha pili alichofanya kilikuwa kupitisha kidole juu ya baka, kisha kuunusa uso wa kitambaa. Alikuwa anatafuta mafuta ya ngozi na mabaki ya sabuni. Mafuta, sabuni isiyosuuzwa vizuri na stachi iliyozidi hujaza mabonde kati ya nyuzi na kuleta mng'ao bila unyuzi wowote kuumia. Mng'ao wa aina hii ndio rahisi kuliko yote, lakini ukiupiga pasi kabla ya kuutoa, unaukaangia humohumo.

Kwa hiyo alianza na brashi kavu ya manyoya, akalitoa vumbi. Kisha akachanganya siki nyeupe na maji, kijiko kimoja cha siki kwa vinne vya maji, akajaribu kwanza kwenye pindo la ndani kuona kama rangi inatoka. Haikutoka. Akalowesha kitambaa cheupe cha pamba, akakikamua, akapangusa makalio bila kusugua. Kitambaa kilitoka na uchafu wa kijivu. Siki huyeyusha mabaki ya sabuni na chumvi za maji magumu. Kwa mafuta haina nguvu sana, na pale kwenye mafuta alitumia povu kidogo la sabuni ya maji, akalifuta kwa maji matupu.

Ndipo ikaja pasi. Aligeuza suruali ikatazama nje, akaweka juu yake kipande cha shuka ya pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, akashusha pasi hadi ikaligusa shuka, bila kuiegemea. Mvuke ukapanda. Akainua pasi, akasogea, akashusha tena; hakuiburuta hata mara moja. Shuka lilipokaribia kukauka alilitoa na kulilowesha upya. Hili lina sababu yake. Maji yakiwa bado yamo kwenye shuka, joto chini yake haliwezi kupita sana nyuzijoto 100, hata kama pasi yenyewe ina 180. Likikauka, kinga imeondoka. Kwa mwenye pasi ya mkaa, shuka bichi ndilo kidhibiti chake cha joto.

Suruali ikiwa bado inafuka, alichukua brashi na kuipiga kwa vipigo vifupi kinyume na ulalo wa vinyweleo, yaani kutoka chini kwenda juu. Sufu hukubali kunyanyuliwa ikiwa ya moto na mbichi, na hushika umbo hilo ikipoa. Akaitundika. Hakuniruhusu kuichukua hadi ikauke kabisa, kwa maana mtu akiivaa ingali na unyevu, akaketi, anairudisha alikoitoa.

Mng'ao haukuisha wote. Ulipungua kiasi kwamba mtu aliye mbele yako hauoni, ila ukisimama ubavuni mwa dirisha bado unaonekana kwa mbali. Kilichoondoka ni uchafu na sehemu ya sufu iliyolala. Kilichobaki ni sehemu ya polista, pamoja na vinyweleo vichache ambavyo kweli vimeshakatika. Kwa mchanganyiko wa aina ile, hayo ndiyo matokeo ya kutegemea. Sufu tupu ingeitika vizuri zaidi, na polista tupu isingeitika kabisa.

Wapo wanaotumia msasa laini kuchokonoa vinyweleo vipya. Unafanya kazi, tena mara moja, na hilo ndilo tatizo lake: vinyweleo hivyo hupatikana kwa kukata nyuzinyuzi zilizokuwa zimebeba nguo. Kwenye koti zito la sufu unaweza kulivumilia mara moja. Kwenye suruali nyepesi ya viskosi unaharakisha tundu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya, na si mambo mengi. Piga pasi kwa ndani, nguo ikiwa imegeuzwa. Panapolazimu kupiga nje, weka kitambaa cha pamba juu. Chini ya mfuko na pindo ingiza kipande cha taulo ili tabaka zizame badala ya kujichora. Nguo ya sufu ipumzike siku nzima kabla ya kuvaliwa tena, ili unyevu utoke na nyuzinyuzi zijirudishe zenyewe. Suruali mbili zinazopokezana hudumu zaidi ya mara mbili ya moja inayovaliwa kila siku. Suruali inayobana makalio hung'aa mapema kuliko ile yenye nafasi, kwa kuwa kitambaa kimevutwa na hakina pa kukimbilia. Na sketi ya marinda yenye mpira kiunoni, isiyo na mbele wala nyuma maalumu, izungushwe robo kila wiki. Baka moja likigawanywa mara nne halionekani.

Wanaochagua vitambaa vya sare za shule wana neno la kuambiwa pia. Rangi iliyokolea yenye ufumaji wa mshazari na polista nyingi ni kitambaa kinachodumu bila kutoboka, lakini ndicho kitakachong'aa kabla ya mwaka wa pili kwisha. Rangi ya wastani, au kitambaa chenye mirabaraba, huficha msuguano uleule kwa bei ileile. Mzazi anayeambiwa anunue sketi nyingine kwa sababu ile ya zamani "imechakaa" aishike kwanza mbele ya taa. Mwanga ukipenya sawa pande zote, sketi hiyo bado ni nzima, na mtoto aachwe aivae. Ukipenya zaidi nyuma, achana na siki na mvuke. Mpelekee fundi aweke kiraka kwa ndani wakati kitambaa bado kina nguvu ya kushika uzi.